Wasifu wa Kurasa Tisa kwa Tangazo la Majukumu Kumi na Saba

Ndugu Mshauri,

Nimefanya kazi ya ununuzi na ugavi tangu mwaka 2002, na sasa ninaongoza kitengo cha watu sita hapa Dodoma. Shirika moja la afya limetangaza nafasi ya Meneja wa Ununuzi na Ugavi, ambayo ninaitaka kwa dhati. Tangazo lina kurasa tatu: majukumu 17, sifa tisa, na mwishoni linamtaka mwombaji aambatishe "wasifu wa kina" bila kutaja idadi ya kurasa.

Wasifu wangu una kurasa tisa. Mwanangu, aliyemaliza chuo mwaka jana, amefundishwa kwamba wasifu ni ukurasa mmoja. Bosi wangu wa zamani anasema nisifute hata mstari, kwa kuwa tangazo refu linataka majibu marefu. Nimejaribu kupunguza mara mbili, nikaishia kurasa saba, nikaogopa kuendelea. Nimekutumia nakala ya tangazo na ya wasifu, majina yote nikiwa nimeyafuta. Je, niandike kurasa ngapi? Na ile miaka ya mwanzo niliyokuwa ghalani, niifute?

Afisa Ugavi, Dodoma

*

Dada yangu Afisa Ugavi,

Kwa tangazo hili na kwa historia yako, andika kurasa tatu. Miaka ya ghalani usiifute. Katika wasifu mpya itapata nafasi kubwa kuliko hata miaka sita uliyokuwa halmashauri. Nimesoma nakala zako zote mbili mara kadhaa, kalamu mkononi, na ningependa uone jinsi nilivyofika kwenye hizo kurasa tatu, kwa sababu tangazo lijalo litakuwa na sura nyingine na huenda hesabu yake ikatoka tofauti.

Nianze na mahali wasifu wako unapokwenda baada ya kuutuma. Nimekaa katika kamati za kuchambua maombi kwa miaka mingi, na karibu zote zilifanya kazi kwa namna moja. Kabla ya kufungua ombi lolote, kamati huchukua tangazo na kulitengenezea jedwali. Waombaji hupangwa kwenda chini, na sifa zilizotajwa katika tangazo hupangwa kwenda kulia, kila sifa na safu yake. Kwanza huja sifa za lazima, ambazo jibu lake ni ndiyo au hapana: shahada, usajili, idadi ya miaka. Anayekosa moja huondolewa hapo hapo. Wanaobaki ndio hupewa alama katika safu zinazofuata, na wenye alama za juu huitwa kwenye usaili. Mchambuzi mwenye maombi mia moja mezani hausomi wasifu kama barua kutoka kwa ndugu. Anautafuta ushahidi wa safu iliyo mbele yake, akiupata anaandika alama, asipoupata anaandika sifuri na kuendelea. Haruhusiwi kukisia kwamba mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo bila shaka analijua jambo fulani.

Nitakusimulia jambo ambalo bado linaniuma. Katika taasisi moja niliyowahi kuitumikia tulikuwa tukichambua maombi ya nafasi inayofanana na hii unayoitaka, na usajili wa kitaaluma ulikuwa sifa ya lazima. Mwombaji mmoja alileta wasifu wa kurasa 11, na sote wawili tuliousoma tukaandika kwamba hana usajili. Wiki mbili baada ya usaili, nilipokuwa nikipanga majalada, niliukuta usajili wake ukurasa wa nane, ndani ya orodha ya semina na warsha, kati ya mafunzo ya huduma ya kwanza na semina ya siku moja ya maadili. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu. Kosa la kutoona lilikuwa letu, lakini ni wasifu wenyewe uliolificha jambo ambalo lingemwingiza ndani.

Sasa fungua wasifu wako ukurasa wa saba, chini kabisa. Cheti chako cha CPSP, cha utaalamu wa ununuzi na ugavi, na usajili wako katika Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi vipo hapo, vimewekwa kama mafunzo ya 15 kati ya 22. Tangazo limevitaja katika sifa ya pili ya lazima. Hata kama mengine yote yangekuwa sawa, hicho peke yake kingetosha kukukosesha usaili.

Basi tutafute kilichozaa kurasa tisa. Nilidhani ni wingi wa miaka, lakini nilipohesabu nikaona sivyo. Umeshika ajira nne tu: ghala la dawa kuanzia 2002 hadi 2008, halmashauri ya wilaya hadi 2014, mradi wa afya wa wafadhili hadi 2018, na hapa ulipo sasa. Ajira nne zinaenea vizuri katika kurasa mbili. Kurasa zako zimejazwa na vipengele 63 vya majukumu, na sehemu kubwa ya vipengele hivyo ni vile vile vinavyorudi. "Kushiriki katika kuandaa mpango wa mwaka wa ununuzi" umeandikwa katika ajira tatu. "Kuandaa nyaraka za zabuni" mara tatu pia, na "kutunza kumbukumbu za ununuzi" mara nne. Katika ajira ya halmashauri kipengele cha mwisho kinasema "kufanya kazi nyingine utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi", na hapo ndipo nilipotambua kwamba umenakili barua ya majukumu uliyopewa siku ya kuajiriwa, neno kwa neno. Wengi wenye uzoefu mrefu hufanya hivyo, kwa sababu barua hizo zimo kwenye jalada na zinaonekana rasmi. Lakini barua ya majukumu inaeleza kile ambacho mwajiri alitarajia kutoka kwa yeyote ambaye angeshika nafasi ile, wala haisemi kitu hata kimoja kuhusu wewe uliyeishika.

Ndiyo maana majaribio yako mawili ya kupunguza yalikwama kwenye kurasa saba. Ulikuwa ukifuta neno hapa na neno pale ndani ya vipengele 63, na kila kimoja kilionekana kina haki ya kubaki kwa kuwa ni kweli ulikifanya. Kipimo cha ukweli peke yake hakiwezi kupunguza wasifu wa mtu aliyefanya kazi muda mrefu, maana yote ni kweli. Kipimo kinachofanya kazi ni tangazo.

Yale majukumu 17 yanatisha yakisomwa moja moja, kwa hiyo nilichukua kalamu za rangi nikapaka rangi moja majukumu yanayozungumzia kazi moja. Zilitoka rangi tano tu. Majukumu matano yanahusu kupanga ununuzi na kuendesha zabuni. Manne yanahusu kusimamia mikataba na wazabuni. Matatu yanahusu kuhifadhi na kusambaza dawa, pamoja na mnyororo baridi wa chanjo, yaani kuzitunza katika baridi inayotakiwa tangu zinapotoka hadi zinapotumika. Matatu yanahusu kufuata taratibu za wafadhili na kujiandaa kwa ukaguzi. Mawili yanahusu kuongoza watu. Hivyo tangazo la kurasa tatu linauliza maswali matano, na kila swali linahitaji majibu mawili au matatu yenye uzito, kila jibu likiandikwa mara moja, katika ajira ambayo kazi hiyo uliifanya kwa upana zaidi au karibuni zaidi. Kupanga ununuzi umekufanya halmashauri, kwenye mradi na hapa ulipo. Andika hapa ulipo, kwa sababu hapa ndipo mpango wenyewe ni wako na ndipo unapoutekeleza ndani ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao ulioanza kutumika mwaka 2023 mahali pa TANePS. Kule kwingine usirudie.

Nikuonyeshe jinsi jibu moja linavyojengwa. Katika ajira yako ya mradi, mstari wa mikataba unasomeka hivi: "Kushiriki katika kuandaa mikataba, kufuatilia utekelezaji wa mikataba na kuhakikisha bidhaa zinafika kwa wakati." Kisha kurasa mbili mbele, chini ya kichwa "Mafanikio", umetaja kwa mkato mikataba 14, mikoa minne, na fidia ya ucheleweshaji iliyotozwa mara tatu. Vitu hivi viwili ni kimoja, na vikikutana vinakuwa hivi:

"Nilisimamia mikataba 14 ya vifaa tiba katika mikoa minne, kuanzia kutangazwa kwa zabuni hadi malipo ya mwisho. Wazabuni watatu waliochelewa nilitekeleza dhidi yao kifungu cha fidia ya ucheleweshaji, na vifaa vyote vilipokelewa kabla ya mradi kufungwa mwaka 2018."

Mistari minne ya karatasi, na mchambuzi anayetafuta usimamizi wa mikataba anaandika alama yake bila kufunua ukurasa mwingine. Kichwa cha "Mafanikio" sasa hakina kazi, kwa sababu kila fanikio limerudi kwenye ajira lilikotokea, na hapo nusu ukurasa imeokolewa. Zingatia pia neno "kushiriki", ambalo limo karibu katika kila kipengele chako. Mtu mwenye heshima huliandika kwa kuogopa kujikweza, lakini mchambuzi akilisoma anabaki na swali: alishiriki kama nani, mwandishi wa muhtasari au mwenye uamuzi? Pale ulipokuwa mjumbe tu wa kamati ya tathmini, sema ulikuwa mjumbe. Pale ulipoongoza, sema uliongoza.

Tuje sasa kwenye swali lako la miaka ya mwanzo, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi katika barua yako. Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba miaka kumi ya karibuni ipewe nafasi na iliyotangulia ifupishwe. Kwa kawaida ni ushauri mzuri, na kwa ajira yako ya halmashauri unafaa kabisa. Ulianza kule chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2004, sheria hiyo ikafutwa na ile ya mwaka 2011, na hiyo nayo ikafutwa na ile ya mwaka 2023. Kueleza kwa urefu jinsi ulivyoendesha zabuni chini ya sheria ambayo imeshaondolewa mara mbili hakumwambii mwajiri namna utakavyofanya kazi kesho. Iache ajira hiyo na mistari mitatu ya kichwa, yaani cheo, mwajiri, na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, kisha vipengele viwili: kimoja kuhusu thamani ya ununuzi wa mwaka uliokuwa ukiuhudumia, na kingine kuhusu ukaguzi wa mwaka 2012 ambao umesema haukuacha hoja katika kitengo chako. Hicho cha ukaguzi kinajibu swali la nne la tangazo, na hujakiandika popote pengine.

Ghala la dawa ni habari nyingine. Tangazo linasema uzoefu wa mnyororo baridi utakuwa sifa ya ziada, na katika historia yako yote mnyororo baridi uko sehemu moja tu, kati ya mwaka 2002 na 2008. Umeupa nusu mstari: "kutunza chanjo na dawa". Ukifuata kanuni ya miaka kumi kwa upofu, ajira hiyo inabaki mstari mmoja na alama ya safu ile inakwenda kwa mwingine. Andika kwamba ulisimamia chumba baridi cha chanjo kati ya nyuzi joto 2 na 8, kwamba vipimo vilisomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, na eleza ulivyofanya umeme ulipokatika, kwa sababu ni mtu aliyewahi kusimama mbele ya jokofu lililozimika anayejua kwamba kazi ya kwanza ni kuuacha mlango umefungwa na kuandika saa. Andika kwamba dawa zilitoka kwa kufuata tarehe ya kuisha muda, inayoisha mapema ikitangulia. Hayo yanatosha vipengele vitatu au vinne. Vilevile ajira hiyo ndiyo inayoufanya uzoefu wako wote usomeke bila pengo. Ukiifuta, mchambuzi atauona mwaka wa shahada yako na mwaka 2008 na kujiuliza miaka iliyokosekana ulikuwa wapi, na kwa kuwa haumo chumbani, hakuna wa kumjibu.

Kuna tahadhari moja hapa. Tangazo linataka miaka 10 ya ununuzi na ugavi, mitano kati yake ikiwa ya usimamizi. Miaka 10 unayo kwa wingi, lakini miaka ya usimamizi inahesabiwa kwa tarehe za vyeo, na wewe umeandika "2018 hadi sasa: Afisa Ugavi, baadaye Mkuu wa Kitengo" bila kusema hiyo "baadaye" ilianza lini. Kamati itachukua tafsiri iliyo salama kwake. Tenganisha vyeo hivyo viwili kwa mwezi na mwaka, hata kama itakugharimu mistari miwili zaidi. Nimewaona watu wakifupisha wasifu kwa kuunganisha vyeo vya mwajiri mmoja, na kwa kufanya hivyo wakaufuta uongozi wao wenyewe.

Na hivi ndivyo ninavyolielewa neno "wasifu wa kina". Kwa wanaotangaza nafasi huku kwetu, kina ni ukamilifu wa kumbukumbu: miezi na miaka, vyeo sahihi, majina kamili ya waajiri na vyuo, namba ya usajili, wadhamini wenye simu zinazopokelewa. Hawamaanishi kila jukumu uliloligusa. Wasifu wa ukurasa mmoja usio na miezi wala wadhamini si wa kina, na wa kurasa tisa usiosema ulipandishwa cheo mwezi gani pia una kasoro hiyo hiyo.

Sasa tugawe karatasi. Ukurasa wa A4 wenye herufi za ukubwa wa 11 na pambizo za sentimita 2 na nusu unachukua mistari 45 hivi. Kurasa tatu ni kama mistari 135, na nimekupangia hivi. Juu kabisa jina na mawasiliano, mistari minne. Tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini na majina ya watoto, ambavyo sasa vimechukua theluthi ya ukurasa wako wa kwanza, viondoe, kwa kuwa tangazo halikuviuliza. Chini yake weka muhtasari wa mistari mitano au sita unaojibu sifa za lazima moja kwa moja, pamoja na ile ya ziada: miaka yako ya ununuzi na ugavi, miaka ya usimamizi, CPSP na namba ya usajili, taratibu za wafadhili, na mnyororo baridi. Halafu elimu na usajili, mistari minane. Hapo mchambuzi amemaliza safu zote za lazima na bado yuko nusu ya kwanza ya ukurasa wa kwanza.

Ajira ya sasa inapata mistari 34, nayo inaanza chini ya ukurasa wa kwanza na kuingia wa pili. Mradi unapata 28, halmashauri 8, ghala 14. Mafunzo 22 yanakuwa manne: lile la taratibu za wafadhili, la mfumo wa NeST, la usimamizi wa mikataba na la mnyororo baridi. Semina za siku moja za mwaka 2006 zimekwisha kazi yake. Lugha na mifumo ya kompyuta, mistari mitatu. Wadhamini watatu, mistari 12. Jumla ni kama 120, na iliyobaki ni vichwa na nafasi nyeupe ambazo jicho linazihitaji ili lipumue. Ukiona umezidi kwa mistari mitano, kata kipengele kimoja kizima katika ajira ya sasa badala ya kushusha herufi hadi 9. Wachambuzi wengi wako katika umri wetu, na herufi ndogo huwafanya waruke mistari.

Baada ya kuandika, fanya jaribio hili kabla ya kutuma. Chapisha tangazo, na kando ya kila sifa na kila jukumu andika kwa penseli ukurasa wa wasifu wako unaolijibu. Sifa ya lazima isiyopata namba ni pengo, na unapaswa kuliziba hata kama kurasa zitaongezeka. Jukumu dogo lisilopata namba linaweza kuachwa, maana hakuna mwombaji mwenye yote 17. Kisha geuza: pitia wasifu mstari kwa mstari, na kila mstari ambao hakuna sehemu ya tangazo inayouita, wala hauhitajiki kuunganisha tarehe, uondoe. Mwishowe mpe mwenzako wa kazi unayemwamini karatasi zako pamoja na tangazo, umwombe akuonyeshe kwa kidole ulipo usajili, iliko miaka ya usimamizi na uliko mnyororo baridi. Akichukua zaidi ya dakika mbili, tatizo si macho yake, hivyo sogeza vitu hivyo juu.

Jaribio hilo likikupa kurasa tatu na nusu, na kila mstari umeitwa na tangazo, tuma kurasa nne bila hofu. Likikupa mbili na nusu, usijaze. Namba tatu niliyokutajia mwanzoni ni matokeo ya hesabu hii, wala sikuanza nayo.

Mwanao na bosi wako wa zamani wote wana ukweli fulani, ila kila mmoja anazungumzia mlango mwingine. Ukurasa mmoja unamfaa mhitimu mwenye mafunzo kwa vitendo ya miezi mitatu, na kampuni nyingi binafsi za Dar es Salaam zitaridhika na kurasa mbili hata kutoka kwako. Wasifu mrefu kama wa bosi wako una mahali pake pia: mhadhiri huorodhesha machapisho yake yote, na mtaalamu anayewekwa katika zabuni ya ushauri elekezi hueleza kila mradi aliowahi kufanya, kwa sababu huko alama hutolewa kwa mradi mmoja mmoja. Na pale tangazo linapotaja idadi ya kurasa, au linapokutaka ujaze fomu ndani ya mfumo kama Ajira Portal, mjadala wote huu unaisha na unafuata walivyoagiza. Kwa sababu hiyo usiutupe wasifu wako wa kurasa tisa. Uhifadhi kama jalada la nyumbani, uendelee kuuongezea kila mwaka, na kutoka humo uchote kurasa za kila ombi jipya. Mradi wa 2014, usiokuwa na faida kwa tangazo moja, unaweza kuwa roho ya lingine.

Yale yanayokuuma kuyaacha, hasa kazi uliyoifanya halmashauri, yatafutie nafasi katika barua ya maombi. Barua ina ukurasa mmoja, na aya yake ya pili inaweza kubeba kitu ambacho wasifu hauwezi, yaani sababu: kwa nini mtu aliyeanzia kwenye chumba baridi cha chanjo, akapita serikalini na kwenye mradi, anaitaka nafasi ya ununuzi katika shirika la afya. Mimi nilipoupanga mtiririko huo kwenye karatasi niliuona waziwazi, na ndani ya kurasa tisa haukuwa unaonekana.

Jambo la mwisho ni dogo. Mdhamini wako wa kwanza ni yule aliyekuwa mkuu wako ghalani, na kwa maelezo yako mmepoteana tangu mwaka 2011. Mtafute wiki hii kabla ya kuandika namba yake, umweleze ni nafasi gani, na umkumbushe habari za chumba baridi. Ukimkosa, weka mkuu wako wa wakati wa mradi mahali pake, na wasifu wote uuhifadhi kama PDF ili mistari isihame utakapofunguliwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine.